Kusafisha Kifaransa cha skani kabla ya kukitafsiri kwa Kiingereza

Tazama sentensi hii kwenye skrini. Ni mfano wa yanayotokea tukiskani nyaraka za kodi za enzi ya Wabelgiji Kongo:

```
Le territoire ou 1'impot a 6t6 percu
```

Usianze kurekebisha. Angalia kwanza "6t6". Namba 6 ikikaa mahali pa é kila ukurasa, ujue programu ilisoma Kifaransa ikidhani ni Kiingereza. Kusafisha kwa mkono hapo ni kujitesa bure, isomeshe upya. Sakinisha ocrmypdf, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, pamoja na lugha ya Kifaransa ya Tesseract, injini inayoitumia kusoma, kisha andika kwenye terminali:

```
ocrmypdf -l fra --deskew --force-ocr --sidecar matini.txt asili.pdf mpya.pdf
```

Amri hii hunyoosha kurasa zilizopinda, hutupa matini ya zamani na kukupa faili la matini.txt. Kama skani iko chini ya dpi 300 na karatasi bado unayo, skani tena kwanza.

Sasa fungua matini.txt upande mmoja na picha ya ukurasa upande wa pili. Tafuta `1'` ubadilishe kuwa `l'`. Hii unaweza kuibadilisha yote kwa mpigo, maana Kifaransa hakina neno linaloanza na moja yenye ritifaa.

Maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari yanahitaji subira. Kwenye kihariri chako washa utafutaji wa regex, yaani wa ruwaza za herufi, tafuta `-\r?\n`, na uamue moja moja. "adminis-tration" unaliunga na kufuta kistari. "celui-ci" na "peut-être" unayaunga lakini kistari kinabaki, kwa kuwa ni chake tangu mwanzo.

Makosa mabaya zaidi hayapigiwi mstari mwekundu. Rudi kwenye sentensi yetu: "ou" ni neno halali, maana yake "au". Lakini hapa panahitajika "où", yaani "ambako". Mtafsiri akiliacha, sentensi inavunjika. Nayo "a" iliyo mbele ya "été" ni kitenzi, haipaswi kuwa "à". Kwa hiyo usibadilishe "a" zote kwa pamoja. Tafuta kila moja na usome neno linalofuata. Fanya vivyo hivyo kwa des na dès, du na dû, na hasa arrête na arrêté: la kwanza ni kusimamisha au kukamata, la pili katika nyaraka za serikali ni amri rasmi.

Sentensi safi ni hii:

```
Le territoire où l'impôt a été perçu
```

Tumalizie na tarakimu. "1.250 fr." ni faranga elfu moja mia mbili hamsini, si moja na robo. Iache hivyo sasa. Nukta itageuka mkato wakati wa kutafsiri. Kwenye majedwali, jumlisha safu ulinganishe na mstari wa "Total". Ikipishana, tafuta 3 iliyosomwa 8, au 1 iliyosomwa 7, ukiitazama picha.