Dereva wa bosi na mtunza stoo: nani abebe mshahara upi?

Asanteni, asanteni. Wale mliosimama mlangoni ingieni, viti vya mbele vipo, haviumi.

Mwaliko wa hapa Jinja ulisema nizungumze kuhusu madaraja ya kazi na viwango vya mishahara. Nitazungumzia kiwanda kimoja tu, cha kusaga mahindi, chenye wafanyakazi kama hamsini. Jina lake silitaji, na wanaokijua naomba wanyamaze. Niliitwa pale baada ya mtunza stoo, mama mmoja aliyekuwa na miaka sita kazini, kwenda kwa meneja na swali moja: “Dereva wa bosi analipwa laki nane na nusu. Mimi laki tano na elfu ishirini. Kwa nini?”

Meneja hakuwa na jibu. Alisema, “Mambo ya mishahara ni siri.” Mshahara wa mtu ni siri yake, sawa, lakini sababu ya mshahara haiwezi kuwa siri. Ukiona meneja anakimbilia siri, mara nyingi sababu yenyewe haipo.

Tena swali la yule mama lilikuwa na sheria nyuma yake bila yeye kujua. Katiba yetu ya Uganda ya 1995, ibara ya 40, inadai malipo sawa kwa kazi sawa. Sheria ya Ajira ya 2006 inakwenda hatua moja zaidi: mwanamume na mwanamke walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Hapo pana tofauti kubwa. Udereva na utunzaji wa stoo si kazi sawa hata kidogo, lakini thamani yake yaweza kuwa sawa. Utajuaje, kama hujawahi kuzipima?

Basi tukapima. Kabla ya karatasi yoyote, mimi huanza na swali nililolipata kwa Elliott Jaques, Mkanada aliyefanya utafiti katika kiwanda cha Glacier Metal kule London miaka ya 1950. Yeye alipima uzito wa kazi kwa muda: mtu anaachiwa aamue mwenyewe kwa muda gani kabla mkubwa wake hajaweza kujua kama ameamua vizuri au vibaya? Mimi naliuliza kiswahili cha kawaida tu: huyu akiharibu kazi leo, itajulikana lini?

Askari wa getini akilala, itajulikana usiku huohuo. Dereva akichelewa au akigonga gari, leo leo. Mtunza stoo akiandika magunia vibaya, itajulikana mwisho wa mwezi, stoo ikihesabiwa. Mnunuzi wa mahindi je? Msimu wa Julai analetewa mzigo, anachoma kipima unyevu kwenye gunia. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, isizidi. Akikubali mahindi mabichi kwa sababu bei ni tamu, ukungu utaonekana wiki kadhaa baadaye, pesa zimeshalipwa na muuzaji amesharudi Kamuli. Na meneja mkuu akinunua mashine isiyofaa, kiwanda kinaweza kumaliza mwaka mzima kabla hakijakiri. Mnaona jinsi kazi zinavyojipanga zenyewe?

Swali hilo linatoa picha, halitoshi kuwa hukumu. Kwa hukumu tuliunda kamati ya watu watano, wawili wakiwa wamechaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Tukakubaliana vipimo vinne vyenye jumla ya alama 100: wajibu 40, maarifa 30, juhudi ya mwili na akili 20, mazingira ya kazi 10. Kila kipimo kina ngazi tano, na kila ngazi ina maelezo yaliyoandikwa kabla ya kazi yoyote kupimwa. Hilo la kuandika kabla ndilo wengi wanaliruka. Halafu tukapiga marufuku majina ya watu mezani. Tunapima kiti, hatumpimi aliyekikalia. Kama kesho dereva huyu akistaafu akaja mwingine, alama za kiti zinabaki zilezile.

Mtunza stoo akapata ngazi ya tatu ya wajibu, alama 24. Maarifa ngazi ya tatu, 18. Juhudi 12, mazingira 4. Jumla 58. Dereva wa bosi: wajibu ngazi ya pili, 16, maarifa ngazi ya pili, 12, juhudi 12, mazingira 6. Jumla 46. Daraja la pili tulikuwa tumeliweka kati ya alama 36 na 50, daraja la tatu 51 hadi 65. Kwa hiyo dereva daraja la pili, mtunza stoo la tatu. Meneja akatabasamu, mimi nikadhani kazi imekwisha.

Mjumbe mmoja wa wafanyakazi akanyoosha mkono. “Ninyi mnahesabu magunia tu. Dereva amebeba roho ya mtu. Roho si wajibu?”

Kimya. Kwa kweli alikuwa na haki. Maelezo yetu ya wajibu yalizungumzia mali na maamuzi, hayakugusa usalama wa watu. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliyaandika mimi. Lakini hapo pia ndipo tathmini nyingi hufa, maana kila mtu pale alijua dereva analipwa kiasi gani, na ni rahisi sana kusukuma alama mpaka zikutane na mshahara uliopo. Ukitaka kutambua kama kipimo kimesukumwa, angalia kama badiliko linamnufaisha mtu mmoja tu. Nikawaambia: tutaandika upya ngazi ya tatu ya wajibu, iwe pamoja na kazi ambayo kosa la kawaida linaweza kuua. Lakini sentensi hiyo ikishaandikwa, tunarudi kuzipima kazi zote, moja baada ya moja.

Tukarudi. Dereva wa bosi akapanda alama 8, akawa na 54, daraja la tatu. Lakini tazama ni nani mwingine aliyepanda: madereva wanne wa lori, wanaopeleka unga Mbale na Soroti usiku, katika barabara mnazozijua. Wao nao walikuwa na 46, nao wakafika 54. Na walikuwa wanalipwa laki tano na sitini. Bosi akagundua kwamba utetezi wa dereva wake una bili.

Sasa viwango. Kwa kila daraja tunaweka kiwango cha kati, yaani mshahara wa mtu anayeimudu kazi hiyo kikamilifu. Tunakipata kwa kulinganisha na waajiri wa jirani wanaogombania watu walewale, si kwa kubuni. Serikalini msitegemee sakafu: kima cha chini cha mshahara kilichowekwa 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na mpaka leo hicho ndicho kilichomo kwenye vitabu. Hainunui hata kilo moja ya nyama.

Kwa daraja la tatu tulipata kiwango cha kati cha 750,000. Tukashuka asilimia 20 kupata kiwango cha chini, 600,000, na kupanda asilimia 20 kupata cha juu, 900,000. Daraja la pili, kiwango cha kati kilikuwa 600,000, hivyo lilikwenda kutoka 480,000 hadi 720,000. Mtaona yanapishana: mtu mzoefu wa daraja la pili anaweza kumzidi mgeni wa daraja la tatu. Ni sawa, ilimradi kupishana kusiwe kukubwa kiasi kwamba kupandishwa cheo hakuna maana.

Wekeni watu humo ndani. Dereva wa bosi, 850,000: yumo, karibu na dari. Kama angebaki daraja la pili angekuwa amelizidi dari kwa 130,000, na hata hapo nisingemkata mshahara. Mkataba haukatwi kwa sababu mshauri amekuja na jedwali. Ungemsimamisha hapo alipo mpaka daraja limfikie. Madereva wa lori, 560,000: chini ya sakafu kwa 40,000 kila mmoja. Mtunza stoo, 520,000: chini ya sakafu kwa 80,000. Jumla ya kuwafikisha wote sakafuni ni 240,000 kwa mwezi. Ongeza asilimia 10 ya mwajiri ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, inakuwa 264,000. Kiwanda kile kilikuwa kinatumia zaidi ya hiyo kwa mafuta ya gari la bosi.

Lakini sakafu ni mahali pa mgeni. Ukimweka mtu wa miaka sita kazini pale pale utakapomweka atakayeajiriwa kesho asubuhi, umebadilisha dhuluma moja kwa nyingine. Kwa hiyo yule mama tulimpandisha sakafuni mara moja, na mwaka uliofuata hadi 675,000, nusu ya njia kuelekea katikati.

Kuna jambo moja nataka kulitenganisha na haya yote. Mnakumbuka Juni 2022, walimu wa sanaa walipogoma? Mwalimu wa sayansi mwenye shahada alikuwa anapandishwa hadi milioni nne kuanzia Julai, na mwenzake wa sanaa, aliyesomea miaka ileile na kubeba wajibu uleule darasani, akabaki mbali sana nyuma. Sibishani hapa na sera ya kuwavutia wanasayansi. Nasema kifundi: tofauti hiyo haitoki kwenye uzito wa kazi, na jedwali la madaraja haliwezi kuitetea. Kama soko linakulazimisha kumlipa fundi umeme zaidi, mlipe, lakini iwe posho yenye jina lake na tarehe ya kuangaliwa upya. Ukimpandisha daraja ili kuficha posho, mwaka ujao mafundi wote watadai daraja lile, na watakuwa na haki.

Basi meneja akamwita yule mama. Safari hii alikuwa na karatasi moja: madaraja yote, kazi zilizomo katika kila daraja, alama zake, sakafu na dari. Mishahara ya watu haikuwemo. Akamwambia, “Kazi yako na ya dereva ziko daraja moja. Wewe ulikuwa chini ya sakafu, hilo lilikuwa kosa letu. Yeye yuko juu yako kwa sababu ana miaka 14 hapa, na amebakiza elfu hamsini tu kugonga dari.”

Miaka kazini, kwa maoni yangu, ni sababu dhaifu. Inakubalika, lakini ina kikomo, na kikomo chake ni lile dari.

Mama akaisoma karatasi taratibu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu. Akauliza, “Katikati, laki saba na nusu, nitafika lini?” Meneja akatazama kwangu. Nikamsukumia kalamu. Akaandika mwezi na mwaka, akatia sahihi chini yake, na nakala mama akaondoka nayo.

Karibuni maswali. Mzee wa kofia, anza wewe.