Chupa Imepasuka, Uchungu Haujaanza

MTANGAZAJI: Karibuni wasikilizaji. Leo mwenzangu, ambaye ni mkunga, atatusaidia kuelewa jambo moja: mimba imetimiza wiki 37 au zaidi, chupa inapasuka, lakini uchungu hauji. Dada, mama atajuaje kwamba si mkojo?

MKUNGA: Mkojo huweza kuuzuia kwa kujibana, na una harufu yake. Maji ya uzazi huendelea kutoka hata ukijibana. Mara nyingi ukilala hukusanyika ndani, kisha ukisimama humwagika. Hata hivyo si lazima yamwagike kwa wingi; wengine huvujiwa kidogo kidogo kwa saa kadhaa wakidhani ni kibofu tu. Avae pedi safi, atazame rangi, na kabla ya lolote aandike saa.

MTANGAZAJI: Kwa nini saa itangulie?

MKUNGA: Kwa sababu ile chupa ndiyo iliyokuwa ukuta kati ya mtoto na vijidudu vya ukeni. Ikishapasuka, vijidudu vinaweza kupanda hadi kwenye mji wa mimba, na kadiri saa zinavyopita ndivyo hatari inavyoongezeka. Mkunga atakayekupokea atahesabu kuanzia chupa ilipopasuka, si kuanzia uchungu ulipoanza wala ulipofika wodini. Nimewahi kupokea mama aliyesema tu "tangu jana", nasi tukalazimika kumhesabia muda mrefu zaidi kwa tahadhari.

MTANGAZAJI: Tuchukue mfano. Mama ana wiki 39, chupa imepasuka saa nane usiku, maji ni meupe, mtoto anacheza, na hana maumivu yoyote.

MKUNGA: Apige simu au aende kituoni usiku huo huo, asingoje uchungu. Huko watapima joto lake na mapigo ya moyo wa mtoto, na wataangalia kama kichwa kimetangulia na kimeshuka. Wakihitaji kuthibitisha maji, hutumia kifaa safi cha kufungulia uke. Kupima njia kwa vidole kuahirishwe mpaka uchungu uanze, kwa kuwa kila kipimo huweza kusukuma vijidudu juu. Mama ana haki ya kuuliza kwa heshima kama kipimo hicho kinahitajika wakati huo. Yeye naye asiingize kitu chochote ukeni na asifanye tendo la ndoa.

MTANGAZAJI: Kisha anasubiri mpaka lini?

MKUNGA: Takribani wanawake 6 kati ya 10 walio katika hali hiyo huanza uchungu wenyewe ndani ya saa 24. Ndiyo maana, kama kila kitu ni salama, kuna njia mbili: kuanzishiwa uchungu mapema, au kusubiri hadi karibu saa 24 huku akifuatiliwa. Kwa mama wetu, saa mbili usiku unaofuata zitakuwa zimetimia saa 18, na hapo miongozo mingi huelekeza apewe dawa ya kuua bakteria kwa njia ya mshipa ili kumkinga mtoto. Ikifika tena saa nane usiku bila uchungu, kwa kawaida uchungu huanzishwa kwa dawa. Mimi binafsi humshauri asivute muda zaidi ya hapo.

MTANGAZAJI: Ni lini kusubiri hakufai kabisa?

MKUNGA: Maji yakiwa ya kijani au kahawia, maana mtoto amejisaidia ndani, yakinuka vibaya, damu ikitoka kwa wingi, homa ikifika nyuzi 38, mtoto akipunguza kucheza, au mama akijulikana kuwa na bakteria aina ya streptokoki kundi B. Mimba ikiwa chini ya wiki 37 pia aende mara moja, ingawa matibabu yake ni tofauti. La haraka kuliko yote ni kamba ya kitovu kumtangulia mtoto, na hutokea zaidi kichwa kikiwa bado juu. Mama akiona au akihisi kamba ikitokeza, apige magoti, kifua kiwe chini na makalio juu, aombe msaada wa dharura, na asijaribu kuirudisha ndani.

MTANGAZAJI: Mtoto akishazaliwa salama, ile saa iliyoandikwa bado ina kazi?

MKUNGA: Ina kazi, kaka. Chupa ikiwa ilipasuka zaidi ya saa 24 kabla ya kujifungua, mtoto huangaliwa kwa karibu hasa katika saa 12 za mwanzo. Akikataa kunyonya, akipumua haraka au kwa kukoroma, akilegea, au mwili ukiwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, mama amwite muuguzi papo hapo na amtajie saa ambayo chupa ilipasuka.