Mwajiri Mmoja Sokoni: Tupate Mshahara na Idadi ya Wafanyakazi Ubaoni

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu wa kidato cha sita, habari za masomo. Leo tunafanya swali la monopsoni, yaani soko la kazi lenye mnunuzi mmoja tu wa kazi. Chukua rula, penseli na kifutio. Kifutio usikisahau, kuna mahali utakihitaji.

Natumia shamba la mkonge kwa sababu mimi ni mtu wa Korogwe, na babu yangu aliletwa huku kutoka Njombe akiwa manamba. Ukitazama mashamba ya mkonge ya Tanga enzi zile utasema waajiri walikuwa wengi. Mashamba yalikuwa mengi kweli, lakini mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao moja ya kuandikisha vibarua, ikaitwa SILABU. Ofisi hiyo ndiyo iliyokwenda vijijini kwa niaba yao, wasije wakagombea watu na kupandishiana mshahara. Kwa hiyo usitafute kampuni moja peke yake. Waajiri hamsini wakinunua kazi kwa mkono mmoja, hiyo nayo ni monopsoni.

Tarakimu za leo nimezitunga mimi kwa ajili ya zoezi, ni shilingi kwa siku. M ni mshahara, W ni idadi ya wafanyakazi.

Mstari wa kwanza, ugavi wa kazi. Chaki nyeupe:

M = 2,000 + 100W

Ukitaka watu 10 lazima utangaze 3,000. Ukitaka 11, tangaza 3,100. Basi, chora, tunaendelea.

Mstari wa pili, bluu, ni pato la nyongeza: thamani ya singa, yaani nyuzi za mkonge, anazoongeza mfanyakazi wa mwisho kuajiriwa.

PN = 14,000 − 100W

Unashuka kwa sababu korona, ile mashine ya kutoa singa kwenye majani ya mkonge, ni ileile moja. Wakatao mkonge wakizidi, mashine haiongezeki kasi. Chora.

Sasa tupunguze mwendo. Mstari wa tatu, mwekundu, ni gharama ya nyongeza ya mfanyakazi, na hapa ndipo monopsoni ilipo. Shamba lina watu 10 kwa 3,000 kila mmoja, jumla 30,000. Linataka wa kumi na moja, naye hatoki nyumbani kwake chini ya 3,100. Je, shamba limeongeza gharama ya 3,100? Hapana. Wale kumi wa zamani nao wanapanda hadi 3,100, maana kazi ni moja na malipo yanatangazwa mbele ya wote. Piga 11 mara 3,100, unapata 34,100. Nyongeza ni 4,100: mgeni kachukua 3,100, na 1,000 imekwenda kwa wenyeji, mia mia kila mmoja.

Ndiyo maana mstari mwekundu unakaa juu ya mweupe. Ugavi ukiwa mstari ulionyooka, gharama ya nyongeza inaanzia palepale, ila inapanda kwa kasi mara mbili:

GN = 2,000 + 200W

Fomula hii inatoa 4,000 kwa watu 10 na 4,200 kwa watu 11. Ile 4,100 yetu imekaa katikati, kwa hiyo usishtuke zisipolingana kabisa.

Ngoja. Mpwa wangu wa kamera anasema, "Mjomba, jua linapiga ubao, nyekundu haionekani." Sawa, tunageuza ubao. Hapo? Vizuri. Mimi chaki nyekundu naipenda kwa mstari huu na sitaibadilisha, tutabadilisha dirisha. Funga pazia.

Haya. Mwajiri anaongeza watu mpaka mtu wa mwisho anapogharimu sawasawa na anachoingiza. Sawazisha nyekundu na bluu:

2,000 + 200W = 14,000 − 100W
300W = 12,000
W = 40

Wafanyakazi 40. Sasa weka penseli chini unisikilize. Nyekundu na bluu zimekutana kwenye urefu wa 10,000. Mshahara SI 10,000. Narudia, mshahara si 10,000. Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma mshahara pale pale kwenye makutano, nikaandika kwa wino, nikapigia mstari mara mbili, na swali zima likaenda na maji. Makutano yanakupa idadi tu. Kwenye 40, shuka wima, taratibu, ukiupita mwekundu, mpaka uguse mstari mweupe. Pale kwenye mweupe ndipo mshahara ulipo, kwa sababu mwajiri halipi zaidi ya kile kinachotosha kuwatoa watu 40 majumbani mwao:

M = 2,000 + 100 × 40 = 6,000

Uliyeandika 10,000, kifutio hicho. Hata mtu wa kulipwa 10,000 yupo: ni yule mwenye shamba anayelipa 6,000 na kupokea 10,000 kwa mfanyakazi wa mwisho. Pengo la 4,000 linabaki kwake.

Hakiki jibu. Kwa wa 41: 41 mara 6,100 ni 250,100, toa 240,000, anagharimu 10,100. Anaingiza 9,900. Haajiriwi. Kwa wa 40: kutoka 39 mara 5,900 gharama imepanda 9,900, naye anaingiza 10,000. Anaajiriwa. Jibu limesimama.

Kama waajiri wangekuwa wengi na wanashindana, ungesawazisha nyeupe na bluu: W = 60, M = 8,000. Linganisha. Monopsoni imeshusha mshahara kwa 2,000 na imewaacha watu 20 nje, ambao kila mmoja wao angeingiza kiasi kisichopungua alichokuwa akidai.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Serikali inatangaza kima cha chini 7,000. Wengi wanajibu haraka kwamba ajira itapungua. Tazama mstari mwekundu unavyobadilika. Kumwongeza mtu hakupandishi tena malipo ya wenzake, wote wako 7,000 tayari. Kwa hiyo gharama ya nyongeza inalala bapa kwenye 7,000 mpaka ugavi wa 7,000 uishe, yaani watu 50. Baada ya hapo inaruka hadi 12,000. Bluu kwenye 50 iko 9,000: juu ya 7,000, chini ya 12,000. Shamba linaajiri 50. Mshahara umepanda na ajira imepanda kutoka 40.

Chora huo mruko kwa nukta nukta, usiuunganishe kwa mstari mzito. Tafadhali, nukta nukta. Ukiuunganisha utadhani ni sehemu ya ugavi, na utarudi kwenye kosa lile la kusoma mshahara mahali si pake.

Kima kikiwa 8,000, unapata 60, kilele cha ajira. Kikiwa 9,000, wanaotaka kazi ni 70 lakini bluu inaruhusu 50 tu, na 20 wanapanga foleni getini. Kikiwa 10,000, ajira inarudi 40 ileile ya mwanzo, safari hii kila mtu akilipwa 10,000. Kikivuka hapo, inashuka chini ya 40.

Zoezi lenu: ugavi M = 1,000 + 50W, pato la nyongeza PN = 10,000 − 50W. Andikeni W na M kwenye maoni, na mniambie mshahara mmeusoma kwenye mstari wa rangi gani.