Ankara moja ya depo, majedwali manne: mchoro na usanifishaji

Karibuni. Leo tunachukua depo ya vyakula ya hapa Kadutu, Bukavu, tuifanyie mchoro wa huluki, yaani vitu tunavyotunzia taarifa, na uhusiano kati yake. Weka mezani ankara moja, ile tunayoiita fakture. Tuseme ni namba 118: jina la mteja na simu yake, tarehe, sukari mifuko 2, unga mifuko 5, na bei.

Chora kwanza visanduku vitatu: MTEJA, ANKARA, BIDHAA. Kati ya MTEJA na ANKARA weka uhusiano “anapewa”. Sasa jiulize: ankara moja ina wateja wangapi? Mmoja tu. Kwa Merise, mtindo wa Kifaransa wa kuchora, andika 1,1 upande wa ANKARA, yaani mteja mmoja, si pungufu wala zaidi, na 0,n upande wa MTEJA, yaani kuanzia sifuri hadi ankara nyingi. Kwa mtindo wa Chen wa 1976 ni kinyume: 1 inakaa karibu na MTEJA, n karibu na ANKARA. Ukichanganya mitindo miwili kwenye karatasi moja, mchoro utasema mteja ana ankara moja tu maisha yake yote. Chagua mmoja, uandike jina lake pembeni.

Ankara ina bidhaa nyingi, na bidhaa iko kwenye ankara nyingi. Hapo idadi ya mifuko haina nafasi ndani ya kisanduku chochote, kwa hiyo ining'inize kwenye uhusiano wenyewe. Uhusiano huo utageuka jedwali, tuliite MSTARI.

Twende kwenye usanifishaji, yaani kupanga majedwali kwa hatua, zinazoitwa maumbo, ili kila taarifa ikae mahali pake. Ukiandika “sukari 2, unga 5” ndani ya seli moja, umeshavunja umbo la kwanza, linalotaka kila seli iwe na thamani moja. Kila bidhaa ipate mstari wake. Ufunguo wa mstari huo, yaani kinachoutofautisha na mingine, ni namba ya ankara pamoja na ya bidhaa. Jina “sukari” linategemea namba ya bidhaa peke yake, nusu ya ufunguo, kwa hiyo umbo la pili linalihamishia BIDHAA. Simu inamfuata mteja, haiifuati ankara: umbo la tatu linaipeleka MTEJA.

```
MTEJA(mteja_id, jina, simu)
ANKARA(namba, tarehe, mteja_id)
BIDHAA(bidhaa_id, jina, bei_ya_sasa)
MSTARI(namba, bidhaa_id, kiasi, bei)
```

Sasa angalia bei, maana wengi wanaifuta kwenye MSTARI wakidhani imejirudia. Haijajirudia. Tuseme mfuko wa sukari uliuzwa dola 40, na wiki inayofuata ukapanda hadi 43. Kama bei iko BIDHAA tu, ankara 118 iliyokwisha kulipwa dola 80 kwa sukari itasoma 86, na hesabu ya mwenye depo haitalingana na pesa zilizo kwenye droo. Bei iliyouzwa inategemea ankara na bidhaa kwa pamoja, kwa hiyo mahali pake ni MSTARI.

Jaribu mwenyewe: badilisha bei_ya_sasa, kisha jumlisha tena ankara 118. Jumla ikisogea, rudi kwenye mchoro utafute bei umeitundika wapi.