Vesaki Moja, Tarehe Sita: Mwezi Uliogawa Wabudha Mwaka 2023

BAKARI: Karibuni tena kwenye kipindi chetu. Mimi ni Bakari, niko na dada yangu Rehema, na leo amekuja na kalenda kajaza meza nzima.

REHEMA: Zote za mwaka 2023. Nataka tuzungumzie Vesaki, sikukuu kubwa ya Wabudha. Kwa Wabudha wa Sri Lanka, Thailand na majirani zao, siku hiyo inakusanya mambo matatu: kuzaliwa kwa Budha, kupata kwake mwanga wa kiroho, na kufariki kwake. Yote matatu siku moja, mwezi ukiwa mpevu.

BAKARI: Ila nikiangalia hapa, hiyo siku moja umeizungushia kalamu nyekundu mara... ngoja. Aprili, Mei, Juni.

REHEMA: Tarehe 8 Aprili Japani. Tarehe 5 Mei Sri Lanka, India na Nepali. Tarehe 26 Mei Hong Kong, 27 Mei Korea Kusini. Halafu 2 Juni Singapuri, 3 Juni Thailand, 4 Juni Indonesia.

BAKARI: Mimi nahesabu saba.

REHEMA: Japani nimeitoa. Wao walipochukua kalenda hii ya kawaida mwaka 1873, kuzaliwa kwa Budha wakakubakiza kwenye tarehe nane ya mwezi wa nne, ila sasa ni Aprili ya kawaida. Mwezi wa angani hauna kauli tena pale. Kila mwaka 8 Aprili, wanamiminia chai tamu kisanamu cha Budha mtoto kilichowekwa kwenye kibanda cha maua, basi. Zinabaki sita, na hizo sita zote zinadai kumfuata mwezi.

BAKARI: Sasa mimi akili yangu inakimbilia kwenye Idi. Huku kwetu tukitofautiana ni siku moja: wengine wameuona mwezi, wengine hawakuuona. Hapo kati ya Sri Lanka na Indonesia ni mwezi mzima.

REHEMA: Ndiyo maana jibu la "hawa wameuona, wale hawajauona" halitoshi. Miezi kumi na miwili ya kuandama inafika siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Kalenda ya Kiislamu inaliacha pengo hilo, ndiyo maana Ramadhani inazunguka majira yote. Kalenda za India, China na Thailand hazikubali. Pengo likishakuwa kubwa, wanachomeka mwezi wa kumi na tatu. Kwa wastani ni mara saba katika miaka 19.

BAKARI: Na mwaka 2023 ulikuwa na mwezi wa nyongeza?

REHEMA: Kwa wote. India waliongeza, China waliongeza, Thailand waliongeza. Hawakubishana kama mwezi uongezwe. Walitofautiana uingie wapi.

BAKARI: Hebu tuanze na China na India, maana hapo ndipo pana wiki nyingi katikati.

REHEMA: Kanuni yao kimsingi ni moja. Njia ya jua angani imegawanywa vipande kumi na viwili. Kila mwezi wa kuandama unatarajiwa uwe na siku moja ambayo jua linavuka mpaka kuingia kipande kipya. Ukitokea mwezi ambao jua halikuvuka mpaka wowote, huo ndio wa nyongeza. Unaitwa kwa jina la jirani yake na hauhesabiwi.

BAKARI: Kanuni moja, majibu mawili?

REHEMA: Kwa sababu mipaka hawakuiweka mahali pamoja. China wanaanza kupima pale ambapo mchana na usiku vinalingana, mwishoni mwa Machi. Wanapima kwa majira. India wanapima kwa nyota zenyewe. Zamani vipimo hivyo viwili vilikuwa vinakaribiana sana, lakini mhimili wa dunia unayumba polepole mno, na kila baada ya miaka 72 hivi vinaachana kwa siku moja. Leo vimeachana kwa siku kama 24. Mwaka mpya wa Wasinhala kule Sri Lanka ni katikati ya Aprili, jua linapoingia kwenye kile kipande kiitwacho Kondoo kwa hesabu ya nyota. Kwa hesabu ya majira, jua liliingia humo tangu Machi.

BAKARI: Nipe tarehe sasa, ndugu yangu. Nione inavyouma.

REHEMA: Chukua mwezi ulioandama tarehe 22 Machi 2023 ukaisha 19 Aprili. Mchana na usiku vililingana tarehe 21 Machi kwa saa za Beijing.

BAKARI: Siku moja kabla mwezi haujaandama!

REHEMA: Siku moja. Mpaka unaofuata jua linauvuka tarehe 20 Aprili, na siku hiyohiyo mwezi mwingine ukaandama. Kwa hiyo mwezi ule umebanwa katikati, haukupata mpaka hata mmoja. Wachina wakauandika kuwa mwezi wa pili wa nyongeza. Wa tatu ukaanza 20 Aprili, na wa nne, ambao ndio mwezi wa Budha, haukuanza hadi 19 Mei.

BAKARI: Na Mhindi, kwa mwezi uleule?

REHEMA: Mhindi anasema jua limeingia Kondoo tarehe 14 Aprili, ndani kabisa ya mwezi huo. Mwezi halali, hauna tatizo. Unaofuata ndio Vaishakha, jina lenyewe lililozaa Vesaki, na mwezi mpevu wake ni 5 Mei. India nyongeza yao waliiweka baadaye, Julai na Agosti, sikukuu ikiwa imeshapita.

BAKARI: Kwa hiyo siku moja ya Machi imesogeza sikukuu kwa karibu wiki nne. Aisee. Lakini Thailand si wafuasi wa China kwa kalenda. Mila zao za dini ni zilezile za Sri Lanka. Wamefikaje Juni?

REHEMA: Thailand wana utaratibu wao. Miezi wanaihesabu kwa namba, na mwezi wa nyongeza daima ni wa nane: mwaka ukiwa mrefu wanakuwa na wa nane mara mbili. Visakha Bucha, ndiyo Vesaki yao, kwa kawaida ni mwezi mpevu wa sita.

BAKARI: Lakini wa sita unakuja kabla ya wa nane. Nyongeza haijafika bado.

REHEMA: Haijafika, lakini wanajua inakuja. Kanuni yao ni kwamba mwaka wenye wa nane mbili, sikukuu zilizotangulia zinasogezwa zote mwezi mmoja mbele. Makha Bucha, sikukuu yao nyingine, inatoka wa tatu kwenda wa nne, Visakha inatoka wa sita kwenda wa saba, ili zisiachane na majira. Mwaka 2018 ilikuwa vilevile: Thailand 29 Mei, Sri Lanka 29 na 30 Aprili. Serikali ya Sri Lanka mwaka ule ikaihamisha hata Sikukuu ya Wafanyakazi, kutoka 1 Mei kwenda 7 Mei, isigongane na Vesaki.

BAKARI: Vyama vya wafanyakazi vilifurahi sana, nadhani.

REHEMA: Haha! Walilalamika. Lakini unajua Vesaki kule ni taa za karatasi barabara nzima na vibanda vya chakula cha bure. Si siku ya maandamano.

BAKARI: Sawa. Hiyo ni tofauti ya mwezi. Sasa hizi za siku mojamoja. Hong Kong 26 Mei na Korea 27 Mei, nao wote wanatumia kanuni ya Kichina?

REHEMA: Hii ndiyo niipendayo mimi. Hao hawangoji mwezi mpevu. Mila za China na Korea zimeyatenganisha yale mambo matatu, na kuzaliwa kwa Budha ni tarehe nane ya mwezi wa nne. Sasa mwezi wa nne unaanza siku ambayo mwezi umeandama, na siku yenyewe inahesabiwa kuanzia saa sita usiku. Tarehe 19 Mei 2023, kwa saa za Beijing, mwezi mpya ulizaliwa saa sita kasoro dakika saba usiku.

BAKARI: Dakika saba kabla ya siku kuisha. Na Korea wako mbele ya Beijing kwa saa moja...

REHEMA: Seoul ilikuwa saa saba kasoro dakika saba. Siku imeshageuka, ni 20 Mei.

BAKARI: Mwezi uleule, sekunde ileile!

REHEMA: Hong Kong ikahesabu nane kuanzia tarehe 19, ikafika 26. Korea ikahesabu nane kuanzia 20, ikafika 27, Jumamosi, wakapewa mapumziko ya kufidia Jumatatu.

BAKARI: Singapuri je? Nao si Wachina wengi?

REHEMA: Ndiyo, lakini wao wanashika tarehe kumi na tano ya mwezi huohuo wa nne, ambayo kwa desturi ndiyo ya mwezi mpevu. Hesabu kumi na tano kuanzia 19 Mei, unafika 2 Juni. Ila tarehe kumi na tano ni hesabu tu. Mwezi wenyewe ulikuwa bado. Ulitimia tarehe 4 Juni.

BAKARI: Ndiyo siku ya Indonesia.

REHEMA: Indonesia wanatafuta dakika yenyewe kwa hesabu za kifalaki. Mwaka ule ilitangazwa kuwa saa nne na dakika 41 asubuhi, saa za Jakarta. Watu wakakaa kutafakari pale kwenye hekalu la kale la Borobudur, jua limewaka, mwezi hauonekani kabisa kwa sababu uko upande wa pili wa dunia. Thailand nao hesabu yao ya jadi iliangukia tarehe 3. Ndiyo ukapata 2, 3, 4 Juni, kwa mwezi mpevu mmoja.

BAKARI: Pale Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala enzi za ukoloni. Lenye mti wa bodhi, aina ya mti ambao Budha alikaa chini yake alipopata mwanga. Hao wangekuwa wapi kwenye orodha hii?

REHEMA: Watawa wake wanatoka Sri Lanka, na usiku wa Vesaki ya Sri Lanka mwaka ule, 5 Mei, mwezi ulitimia saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu. Tena ulipita kwenye kivuli hafifu cha dunia, kupatwa ambako wengi huku hatukukutambua.

BAKARI: Swali la mwisho. Umoja wa Mataifa nao una siku ya Vesaki. Si ingekata mzizi wa fitina?

REHEMA: Azimio la 54/115 la Desemba 1999 linasema mwezi mpevu wa Mei. Kwa 2023 hiyo ni 5 Mei. Lakini rudi mwaka 2007: mwezi mpevu 2 Mei, mwingine mwisho wa Mei. Sri Lanka wakachukua tarehe 1 na 2, Thailand na Singapuri wakachukua 31.

BAKARI: Na ule wa pili ulitimia lini hasa?

REHEMA: New York, makao makuu ya Umoja wa Mataifa, ilikuwa 31 Mei, saa tatu usiku. Bangkok ilikuwa tayari asubuhi ya 1 Juni.