Vichwa Havijumlishwi: Namba ya Wateja wa Msimu na Jinsi ya Kuipata

Mhadhara kwa wenye maduka ya pembejeo na makarani wao wa takwimu, Mbeya

Ndugu zangu, ndaga fijo kwa kuja. Leo nitaongelea namba moja tu, ile inayokaa chini kabisa ya ripoti zenu ikiwa na maandishi "wateja wa msimu". Duka likipata namba hiyo kwa kujumlisha wateja wa kila mwezi, imezidi. Hakuna aliyeiba wala aliyekosea kuandika risiti. Kila mwezi ulihesabiwa vizuri, kosa limeingia kwenye kujumlisha.

Angalieni mkulima wetu anavyonunua. Novemba anakuja kuchukua mbegu ya mahindi na DAP ya kupandia. Mahindi yakishasimama anarudi kutafuta Urea au CAN ya kukuzia. Viwavijeshi vikivamia shamba, anarudi tena kwa ajili ya dawa. Ni mtu yuleyule, na kila ripoti ya mwezi inamhesabu mara moja, kama inavyotakiwa. Ukijumlisha ripoti tatu, umemfanya watu watatu.

Tuchukue duka dogo kabisa ili tuone kwa macho. Kila mteja ana namba yake. Novemba walinunua 101, 102, 103 na 104, yaani vichwa vinne. Desemba walikuja 103 na 105, vichwa viwili. Januari walikuja 101, 102, 104 na 106, vichwa vinne. Karani anapiga nne, mbili, nne, anapata kumi. Sasa hesabuni namba zenyewe bila kurudia: 101, 102, 103, 104, 105, 106. Ni sita.

Mifuko ya mbolea haina shida hii. Mfuko ukiuzwa Novemba hauwezi kuuzwa tena Januari, kwa hiyo mifuko inajumlishika, na shilingi vilevile. Mteja hauzwi akaisha, anarudi. Ndiyo maana kwenye ripoti moja safu mbili zinajumlishika na ya tatu haijumlishiki, ingawa zote zimekaa kwenye jedwali moja na zinafanana sura.

Mtu akikupa nne, mbili na nne peke yake, bila majina, huwezi kujua jibu. Unachoweza kusema ni kwamba halipungui nne, kwa sababu mwezi mmoja tu una vichwa vinne, wala halizidi kumi. Kati ya hapo ni kubahatisha. Lakini mipaka hiyo ni kipimo kizuri cha ukaguzi. Jumla ya msimu ikiwa ndogo kuliko mwezi mmojawapo, kuna hitilafu. Ikilingana kabisa na jumla ya miezi, maana yake hakuna hata mteja mmoja aliyerudi, na kwa duka linalouza mbolea ya kupandia na ya kukuzia, mimi siamini.

Matawi nayo ni hivyohivyo. Anayenunua Uyole leo na Mbalizi kesho ni mteja wa matawi mawili, lakini wa kampuni ni mmoja.

Sasa twende kwenye jambo linalowachanganya hata wale waliokwisha kuelewa hili: kusasisha ripoti. Tuseme tayari mna sita iliyo sahihi. Februari daftari la tawi ambalo mtandao ulikatika linaingizwa kwenye mfumo, na lina mauzo mawili ya Desemba, moja la 104 na moja la 107. Desemba inapanda kutoka vichwa viwili hadi vinne. Karani mwangalifu atasema: Desemba imeongezeka mbili, basi naongeza mbili kwenye msimu, sita inakuwa nane. Hapana. 104 alikwishahesabiwa tangu Novemba. Mgeni ni 107 peke yake, msimu ni saba. Kwa hiyo hata ongezeko halijumlishiki, mpaka urudi uangalie ni nani aliyeongezeka.

Halafu inakuja ile inayoshangaza. Mnasafisha orodha ya wateja na kugundua kwamba 102 na 106 ni mama mmoja mwenye laini mbili za simu. Mnamuunganisha abaki 102. Januari inashuka kutoka nne hadi tatu, msimu unashuka kutoka saba hadi sita, na dukani hakujauzwa wala kurudishwa hata paketi ya mbegu. Kama namba ya zamani ilihifadhiwa kwenye seli na haiguswi tena, itabaki saba milele.

Kwa hiyo kila ripoti inaposasishwa, namba hii ihesabiwe upya kutoka kwenye mauzo yenyewe, kwa kipindi kizima kinachoulizwa:

```sql
SELECT COUNT(DISTINCT mteja_id)
FROM mauzo
WHERE tarehe >= '2024-11-01'
  AND tarehe <  '2025-02-01';
```

Ukitaka ya mwezi, badilisha tarehe. Ukitaka ya tawi, ongeza sharti la tawi. Kila swali linahesabiwa peke yake, hakuna jibu linaloazima kwa jingine.

Jihadharini na mteja wa keshi asiyeandikwa jina. Sehemu ya `mteja_id` ikiachwa tupu, yaani `NULL`, amri hii haimhesabu kabisa. Mkimpa namba moja ya jumla, tuseme 999, basi wanunuzi wote wa keshi wa msimu mzima wanakuwa mtu mmoja. Mimi napenda iachwe tupu, na ripoti iseme wazi kwamba ni wateja waliosajiliwa tu. Angalau hapo haudanganyi mtu.

Wanaotumia Excel, mnapotengeneza PivotTable wekeni alama kwenye `Add this data to the Data Model`, kisha kwenye aina ya hesabu mchague `Distinct Count`. Mstari wa `Grand Total` utakuwa mdogo kuliko jumla ya mistari iliyo juu yake. Bosi atakuja juu kwamba kompyuta haijui hesabu. Mwonyesheni 101.

Dada pale nyuma ameuliza: mauzo yakiwa mamilioni, kuhesabu upya kila usiku si kutaifanya mashine ilale? Swali zuri. Hatua ya kwanza ni kutunza jedwali jembamba lenye mteja na mwezi tu, kila jozi mara moja. Mkulima aliyenunua mara tisa Januari anabaki mstari mmoja, na hesabu ya msimu inafanyika juu ya jedwali hilo. Ila daftari likichelewa au wateja wakiunganishwa, miezi iliyoguswa ijengwe upya.

Data ikiwa kubwa kuliko hapo, kuna njia ya makadirio inayoitwa HyperLogLog, ambayo Philippe Flajolet na wenzake waliieleza mwaka 2007. Haitunzi majina, inatunza muhtasari mdogo. Kwenye hifadhidata ya Redis muhtasari mmoja hauzidi kilobaiti 12, na kosa lake la kawaida ni asilimia 0.81. Uzuri wake ni kwamba muhtasari wa Novemba na wa Desemba unaunganishwa kwa amri yake ya `PFMERGE` bila kumhesabu mtu mara mbili, jambo ambalo namba tupu haziwezi. Udhaifu wake ni kwamba mtu akishaingia hatoki. Yule mama wa laini mbili angebaki watu wawili mpaka muhtasari wote ujengwe upya kutoka kwenye mauzo. Kwa maduka yenu, dada, jedwali jembamba linatosha, na pembeni ya namba muandike tarehe iliyohesabiwa, ili bosi mwenye karatasi ya Januari asigombane na karani mwenye ya Machi.