Nyama za paja baada ya miaka 35: mhadhara kwa wachezaji na makocha

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie mchezaji aliyevuka miaka 35 na bado anataka namba kwenye kikosi. Mada ni pana, na mkinipa nafasi nitawakesha, kwa hiyo leo nabaki sehemu moja ya mwili: nyuma ya paja. Katika kazi yangu ya ukocha wa viungo, wakongwe wengi nimewaona wakiishia hapo. Watu husema mzee pumzi imekata. Si kweli sana. Mchezaji wa miaka 36 anayefanya mazoezi yake vizuri atamaliza dakika 90 bila kutapatapa. Kinachomtoka mapema ni ile kasi ya juu kabisa, na kinachochanika ni msuli unaotakiwa kuibeba kasi hiyo.

Mfano wangu ni Ryan Giggs, kwa sababu hapa ndani najua mashabiki wa Manchester United hawakosekani, hata siku hizi wanapojificha. Giggs alizaliwa Novemba 1973, akaanza kuichezea timu ya wakubwa mwaka 1991 akiwa winga wa kushoto, mtoto wa mbio tupu. Mnakumbuka bao lake dhidi ya Arsenal, nusu fainali ya Kombe la FA mwaka 1999, alivyotoka na mpira katikati ya uwanja na kuwapita watu mmoja baada ya mwingine. Lakini katika miaka yake ya ishirini huyo huyo alikuwa akitoka uwanjani ameshika paja mara kwa mara. Nyama za paja zilimsumbua kiasi kwamba hakuna aliyetegemea angefika miaka 40. Akafika. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Mei 2014 dhidi ya Hull City, ana miaka 40, ndiye kocha wa muda, akajiingiza mwenyewe kama mchezaji wa akiba.

Wengi mkimtaja mnataja yoga. Ni kweli alifanya yoga na mwenyewe aliisifu. Ila yoga ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba alihama eneo. Aliacha taratibu ile kazi ya kupokea mpira pembeni, kumkimbiza beki mita 40, kurudi kukaba, halafu kuanza upya. Akaingia kati, akawa kiungo anayepokea mpira akiwa tayari anajua utakwenda wapi. Mwaka 2007 alistaafu timu ya taifa ya Wales ili apunguze mechi na safari. Na mwaka 2009, ana miaka 35, wachezaji wenzake Uingereza walimchagua mchezaji bora wa msimu. Hakuna mwaka wa ujana wake waliompa tuzo hiyo. Ile ya wachezaji chipukizi ndiyo aliyokuwa akichukua.

Hapa kwetu tumemwona Saido Ntibazonkiza, Mrundi. Msimu wa 2022/23 aliuanza Geita Gold akaumalizia Simba, akawa kinara wa mabao wa ligi pamoja na Fiston Mayele wa Yanga, kila mmoja 17. Saido alikuwa ametimiza miaka 36 mwezi Mei mwaka ule. Nani alimwona akishindana mbio na beki wa kulia? Alikaa kwenye nafasi nyuma ya mshambuliaji, akapiga penalti, akapiga mipira iliyokufa, akatokea kwenye boksi kwa wakati. Takwimu za ligi kubwa za Ulaya zinaonyesha mwelekeo huo huo: waliovuka miaka 30 mbio zao za kasi hupungua sana, umbali wote wanaokimbia hupungua kidogo, na pasi zao zinafika kuliko za vijana.

Sasa mtego uko hapa. Mkongwe akishajua kucheza bila mbio, anaziacha mazoezini pia. Wenzake wakipiga spidi, yeye anazunguka uwanja polepole, kocha anamwacha kwa heshima: "Mwacheni mzee, Jumamosi tunamhitaji." Wiki tatu zinapita hajafikia kasi yake ya juu hata mara moja. Jumamosi dakika ya 70 mpira unapenyezwa nyuma ya mabeki, damu inachemka, anauchomokea. Hatua ya sita au ya saba anashika paja. Mashabiki wanasema uzee. Mimi nasema msuli uliombwa kazi ambayo haukuifanya mwezi mzima.

Tuone kinachotokea ndani. Unapokimbia kwa kasi, mguu unarushwa mbele na goti linanyooka. Sehemu ya hatari ni kabla tu mguu haujagusa ardhi. Misuli ya nyuma ya paja wakati huo inavutwa kuwa mirefu, na hapo hapo inatakiwa ikaze kama breki kuzuia mguu usizidi kwenda mbele. Kurefuka huku unakaza, hapo ndipo nyuzi zinapokatika. Umri unaongeza mambo mawili. Nyuzi za kasi ndizo zinazosinyaa kwanza. Na mkongwe mara nyingi ana kovu la zamani. Aliyewahi kuchanika ana hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena, tena karibu na pale pale.

Kwa hiyo kujinyoosha peke yake hakutoshi. Msuli lazima ufundishwe kukaza ukiwa unarefuka. Zoezi lililofanyiwa utafiti mwingi ni lile la kupiga magoti, wenyewe tunaliita nordiki. Halihitaji jimu. Unapiga magoti kwenye kitu laini, mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa nguvu. Mwili unyooke kuanzia magotini hadi kichwani, usikunje kiuno. Unaanguka mbele polepole, ukijizuia kwa nyuma ya mapaja hadi unaposhindwa, kisha unajidaka kwa mikono na kujisukuma kurudi. Timu zinazolifanya kwa uaminifu zimepunguza majeraha haya kwa takriban nusu.

Kosa tunalolifanya ni pupa. Kocha anasikia habari za nordiki, anawapa wachezaji seti tatu za kumi siku ya kwanza, kesho yake nusu ya timu haiwezi kukaa chooni. Zoezi linatupwa. Wiki ya kwanza fanya siku moja tu, seti mbili za mara tano. Wiki ya pili siku mbili, mara sita. Kuanzia ya tatu ongeza seti iwe tatu, na idadi ipande taratibu. Ukishazoea, msimu ukiendelea, siku moja kwa wiki inakushikilia usirudi nyuma.

Ninaye mchezaji mmoja, winga wa zamani, sasa ana miaka 36 na anacheza kati. Jina lake halihusiki. Mechi ikiwa Jumamosi jioni, Jumapili anatembea na kuendesha baiskeli kidogo. Jumatatu vijana wanarudi uwanjani, yeye hapana. Anafanya kazi ya mwili wa juu na kiuno. Jumanne anagusa mpira bila kugongana na watu. Kijana wa miaka 22 baada ya saa 48 yuko sawa, huyu namhesabia 72. Jumatano ndiyo siku yake. Akishapasha misuli vizuri, akiwa bado hajachoka, anakimbia mara nne mita 40: 20 za kwanza anapandisha taratibu, 20 za mwisho anafungua yote. Kati ya mbio na mbio anapumzika dakika tatu kamili, hata akinung'unika kwamba anapoa. Jumla ni mita 80 tu za kasi ya kweli kwa wiki. Zinatosha kuukumbusha msuli. Baada ya mazoezi ya timu, mwisho kabisa, anapiga nordiki, ili maumivu yapate Alhamisi na Ijumaa kuisha. Wenye mechi mbili kwa wiki wapunguze nordiki, si zile mbio.

Nitajuaje paja linaanza kukataa kabla halijachanika? Kipimo changu ni sanduku la urefu wa sentimita 60. Unalala chali, kisigino kimoja juu ya sanduku, goti limekunjwa kidogo, mikono kifuani. Unainua makalio hadi mwili unyooke, unashusha hadi yaguse chini, unahesabu hadi ushindwe. Chini ya 20 ni dhaifu, karibu 25 ni wastani, zaidi ya 30 safi. Mimi naangalia zaidi tofauti ya miguu. Kulia 28, kushoto 19, huyo Jumatano hii hakimbii kasi, tunaimarisha kushoto kwanza.

Chakula niseme kwa kifupi. Mwili wa mkongwe unahitaji protini nyingi zaidi kwa mlo mmoja ili ujenge msuli, kama gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 75 ni gramu 30. Chai na chapati mbili asubuhi hazikufikishi popote karibu. Mayai mawili ni kama gramu 12 au 13, kwa hiyo ongeza maharage na maziwa. Shida yetu ni kuisubiri nyama yote usiku.

Na vidonge. Wapo wanaomeza diklofenaki kabla ya kila mechi kama sehemu ya kuvaa viatu. Tumbo linaumia, figo zinaumia, na maumivu ambayo yangekwambia utoke hayakufikii. Ukiona huwezi kucheza bila kidonge, hilo tayari ni jeraha, nenda kwa daktari wa timu.

Kaka pale nyuma ameuliza: nimechanika, nimepumzika wiki tatu, siumwi nikitembea, je, nirudi?

Bado. Kutembea hakupimi chochote. Kwanza nikikubonyeza pale ulipochanika usisikie maumivu, na mguu ukinyooshwa uende sawa na mwenzake. Kwenye sanduku idadi ya miguu yote miwili ikaribiane, mguu mbovu usipungue zaidi ya asilimia 10. Kisha mbio: unaanza kwa nusu ya kasi, unapanda hatua kwa hatua, unaruka siku moja kati ya zoezi na zoezi. Nataka nikuone umefika kasi yako kamili mazoezini siku mbili au tatu tofauti, na asubuhi inayofuata uniambie hakuna kinachobana. Hapo ndipo nitamwambia kocha akupe dakika 20 za mwisho. Kama mechi hiyo iko Jumamosi hii, kaka, utaiangalia jukwaani.